Mapigo ya asubuhi yamepanda wiki nzima na usingizi hauji: ujumbe wangu kwa kocha

Mwalimu_Mbio

Habari za jioni wanajamvi. Kocha kaniambia ujumbe niliomtumia niuweke hapa, kwa sababu wengine nao wamehamishia mazoezi jioni msimu huu na huenda yanawakuta yaleyale. Nimeuacha kama ulivyokuwa.

"Shikamoo kocha. Pole na safari. Nakuandikia kuhusu mapigo yangu ya asubuhi. Unajua kawaida yangu ni 50 hadi 52, nikichoka sana 54. Wiki hii imekuwa hivi:

Jumatatu 53
Jumanne 54
Jumatano 60
Alhamisi 59
Ijumaa 63
Jumamosi 61
Leo Jumapili 60

Nahesabu kama ulivyotufundisha, nikiwa bado nimelala chali, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima. Nimerudia mara mbili kila asubuhi ili nisijidanganye.

Usingizi ndio umenishinda kabisa. Naingia kitandani saa nne nimechoka, lakini nageukageuka hadi saa sita. Nikishalala naamka saa nane, moyo nausikia sikioni kwenye mto. Saa kumi kengele inalia. Toka Jumanne ni hivyo.

Mazoezi niliyofanya: Jumanne mita 800 mara sita, Alhamisi kilomita 6 za mwendo wa mashindano, zote jioni kwa sababu asubuhi nawahi usimamizi wa mtihani wa kidato cha nne, kituo kiko mbele ya Chamwino na gari linaondoka saa kumi na moja. Jumamosi jogi ya nusu saa tu, na hata hiyo miguu ilikuwa mizito. Leo nilipaswa kukimbia kilomita 18, sijatoka. Sina mafua, koo haliumi, sijisikii homa. Nauliza: niendelee na ratiba, nipunguze, au niache kabisa? Nusu marathoni ni mwezi ujao na sitaki kufika pale nimekwisha."

Huo ndio ujumbe. Kocha atajibu hapahapa akipata mtandao.

Mwana_Iramba

Dada, hilo halihitaji kocha. Mapigo yakipanda kumi juu ya kawaida, mwili umezidiwa na mazoezi. Dawa ni moja tu: wiki mbili usiguse raba. Sisi Singida tumekuzwa hivyo. Simbu katoka kwetu akaenda kutwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, mnadhani alikuwa anabembeleza mwili?

Mama Pendo

Pole mwanangu. Mimi presha ilinianza hivihivi, usingizi hakuna, moyo unadunda. Nenda kapime mapema, wakupe vidonge. Punguza chumvi kabisa, hata kwenye mboga usitie. Na hayo mambo ya kukimbia kwa mwanamke mwenye presha uyaache.

Mwalimu_Mbio

Asante mama. Presha nilipima mwezi uliopita shuleni walipokuja wahudumu wa afya, ilikuwa 110 kwa 70. Ninachosema hapa ni idadi ya mapigo kwa dakika.

Saa_ya_Mtumba

Kuhesabu kwa vidole ni mambo ya zamani. Mimi nilipohamishiwa Dodoma kutoka Dar saa yangu ilionyesha mapigo ya usiku yamepanda kutoka 58 hadi 63, yakakaa hivyo karibu mwezi. Ni mwinuko huu. Tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, hewa nyepesi. Dada vaa saa ulale nayo, asubuhi utaona kila kitu, mpaka usingizi mzito ulikuwa dakika ngapi.

Kocha_Makole

Marahaba mwalimu. Nimesoma. Wakuu, poleni na majukumu, nitajibu taratibu kwa sababu hapa nilipo mtandao unakuja na kuondoka.

Kwanza sikupi jibu la kuendelea au kuacha kabla hujanijibu mambo machache. Kwa leo na kesho: usikimbie. Kutembea ruhusa. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, mapigo yanarukaruka bila mpangilio, au ukiwa umelala yakafika 100, hilo si langu tena, unakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa angalia namba zako mwenyewe. Jumatatu na Jumanne hazina tatizo, ingawa Jumapili iliyotangulia ulikuwa na mbio ndefu. Zimeruka Jumatano na Ijumaa, yaani asubuhi baada ya mazoezi ya jioni. Hilo nalielewa. Ukimaliza mita 800 ya sita saa moja kasoro, mwili unabaki wa moto kwa saa kadhaa, na zile homoni za kupambana hazitulii kwa sababu wewe umeamua kulala. Moyo unaingia kitandani ukiwa bado uwanjani. Lakini hiyo inaeleza Jumatano na Ijumaa tu. Jumamosi na Jumapili hukuwa na mazoezi ya kasi usiku wake, na namba imekataa kushuka. Hapo ndipo pana kitu kingine, na ndicho nataka tukitafute.

Nataka hivi. Kesho ukiamka, usihesabu mara tu kengele inapolia, maana kengele peke yake inapandisha mapigo. Tulia dakika mbili tatu. Kama mkojo umebana, nenda haja, rudi ulale dakika tano kamili, ndipo uhesabu. Andika. Kisha simama wima, usiegemee ukuta wala kitanda, usizungumze na mtu. Dakika ya kwanza usihesabu, moyo unaruka sana halafu unajirekebisha. Dakika hiyo ikiisha hesabu nusu dakika, zidisha kwa mbili. Andika nayo. Mwezi wa nane tulikupima hivyo pamoja na wenzako, nina daftari: umelala 52, umesimama 70.

Halafu pima uzito kabla ya kunywa chochote, na joto la mwili kwa kipimajoto, la kwapani linatosha. Niambie pia mambo manne. Unakunywa maji kiasi gani siku ya usimamizi? Kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu, saa ngapi? Unakula saa ngapi usiku? Na wiki tatu zilizopita ulisafiri kwenda wapi?

Mwana_Iramba, nusu umesema kweli. Kupumzika, ndiyo. Lakini mtu hazidiwi na mazoezi kwa maana unayoisema ndani ya wiki moja. Hilo ni jambo la wiki nyingi huku muda wake uwanjani ukizidi kuharibika, na wapo ambao mapigo yao ya asubuhi hushuka badala ya kupanda. Ukimpa kila mwenye mapigo 60 wiki mbili za kukaa, mwenye malaria utamwacha nayo na mwenye kiu utamwacha na kiu. Halafu Singida msituringie sana, Ikangaa alizaliwa Dodoma hapa na New York alishinda 1989.

Mama Pendo, shikamoo. Chumvi tutaizungumza.

Mwana_Iramba

Kocha nimekuelewa, ila wewe nawe unachambua mno. Zamani tulikuwa tunakimbia tu.

Tabibu_Nzuguni

Naomba niingie hapo kwenye safari, kwa sababu kocha kauliza vizuri. Dodoma mjini malaria si nyingi, na ndiyo maana watu wa hapa huwa hawaifikirii. Mtu anatoka Kilosa au Ifakara, anarudi, wiki mbili baadaye anasema ni uchovu. Homa ikipanda nyuzi moja tu mapigo hupanda karibu kumi, na kuna siku mapigo na usingizi huharibika kabla hujajisikia mgonjwa. Dada, kama ulitoka mkoani, kipimo cha haraka cha malaria usikisubirishe. Na tafadhali mtu asije hapa kumshauri ameze mseto bila kupima.

Swali la pili ni la wanawake, nalo makocha wengi hawaliulizi. Uko siku ya ngapi ya mzunguko wako? Kama hutaki kuandika hapa niandikie pembeni.

Saa_ya_Mtumba

Hamjajibu hoja ya mwinuko.

Kocha_Makole

Mkuu, mwalimu kazaliwa na kukulia hapa. Mita 1,100 si nyingi kiasi hicho, na aliyezaliwa nazo hazimpandishii mapigo Jumatano ghafla. Wewe ulipohama ulibadilisha nyumba, kazi, chakula, hewa kavu, na labda usingizi. Siwezi kukuambia mwinuko haukuchangia, lakini usiupe mzigo wote.

Kuhusu saa, ivae. Ila namba ya saa ni ya usiku mzima au ya dakika zile moyo ulipotulia kabisa, na ya mwalimu ni ya kuamka. Ukizichanganya utaona kupanda ambako hakupo. Aliyeanza na vidole aendelee na vidole.

Mwalimu_Mbio

Nimerudi. Leo Jumatatu, jioni.

Asubuhi nimefanya kama ulivyosema. Nimelala 59. Nimesimama 92. Kocha, nilihisi giza kidogo machoni sekunde za mwanzo, likapita. Joto 36.5. Uzito 52.7, wakati mwezi uliopita wote nilikuwa 54 na kidogo.

Maji: ukweli ni kwamba siku ya usimamizi sinywi karibu chochote mpaka saa nane. Ukiwa msimamizi hutoki chumbani, na sisi wanawake vyoo vya vituo vingine mnavijua. Nikirudi nakunywa chupa moja ya lita na nusu, naenda mazoezini. Kahawa situmii, ila chai ya rangi nakunywa vikombe viwili vya jioni nikisahihisha kazi za wanafunzi. Chakula cha usiku saa tatu, ugali wa kawaida, wakati mwingine sili vizuri kwa sababu joto limenikatisha hamu. Nyumba ni ya bati bila dari, mpaka saa tano usiku ndani ni kama mchana.

Safari: tulikwenda msibani Kilosa, tukalala kule. Ni kama wiki mbili zimepita.

Tabibu, sioni aibu, wote humu ni watu wazima. Hedhi inatarajiwa Alhamisi au Ijumaa hii. Huwa naandika mapigo yangu mwaka mzima, na wiki ile ya mwisho kabla ya hedhi huwa yanapanda mawili au matatu, hayajawahi kupanda tisa.

Tabibu_Nzuguni

Asante kwa uwazi. Kesho kapime malaria, hata kama joto ni 36.5. Pia waambie wakupime wingi wa damu, ni tone lilelile la kidole.

Hayo mawili matatu ni kawaida kabisa, joto la mwili linapanda kidogo baada ya yai kutoka na moyo unalifuata. Maana yake ni kwamba ile 53 ya Jumatatu iliyopita tayari ilikuwa na ongezeko la mzunguko ndani yake. Kwa hiyo msilinganishe 60 na 51, linganisheni na 53. Bado ni nyingi, ila si nyingi kama inavyoonekana.

Kocha_Makole

Hapo tabibu amenifunza kitu, nitaandika kwenye daftari langu kwa mabinti wote.

Mwalimu, tazama pengo. Mwezi wa nane kutoka kulala hadi kusimama ulipanda 18. Leo umepanda 33. Namba ya kulala inaweza kupandishwa na mambo mengi, hata mawazo. Pengo likiongezeka hivi pamoja na giza machoni na uzito kupungua zaidi ya kilo moja, jambo la kwanza ninalolifikiria ni maji. Mafuta hayaondoki kilo na robo ndani ya wiki kwa mtu anayekula ugali. Damu inapopungua ujazo, kila pigo linasukuma kidogo, kwa hiyo moyo unaongeza idadi. Ukiwa umelala unajificha kiasi. Ukisimama, damu inashuka miguuni na moyo unalazimika kuonyesha deni.

Watu wa hapa tunadanganywa na hewa yetu. Mtu akikimbia Tanga fulana inalowa, anajua ametoka jasho. Mwezi huu Dodoma nyuzi 31, 32, upepo mkavu, mvua bado haijafika, jasho linakauka likiwa linatoka. Unamaliza mazoezi umekauka unadhani hukutoka jasho, kumbe ukijipangusa usoni unaona chumvi nyeupe. Njia ya kujua ni mzani: jipime kabla na baada ya mazoezi ukiwa na nguo chache, hesabu na ulichokunywa katikati. Ukipungua gramu 900 umepoteza lita moja kasoro kidogo, fulana iwe imelowa au haikulowa.

Sasa umesimama darasani kutwa bila kunywa, ukaja kukimbia mita 800 sita, ukalala kwenye bati. Ile lita na nusu ya kunywa kwa mkupuo nusu saa kabla ya mazoezi nyingi inaishia kwenye mkojo.

Mpango hadi Ijumaa: hakuna kasi yoyote. Kabla ya kupanda gari kunywa nusu lita pamoja na uji wa uwele wenye chumvi kidogo. Utaipitisha kabla mtihani haujaanza saa mbili. Mapumziko ya kati ya mitihani kunywa tena, hata kama choo hakipendezi. Ukirudi, tengeneza lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo, au pakiti ya ORS kama ipo, unywe polepole hadi saa mbili usiku. Usizidishe chumvi hapo, ukizidisha ni hatari. Wala usijilazimishe malita kwa malita ya maji matupu, nayo yana madhara yake. Chai ya rangi mwisho saa tisa alasiri. Chakula saa moja, kisiwe kizito sana, lakini ule.

Kitandani: oga maji ya kawaida, lala na khanga yenye unyevu kifuani kama joto limezidi, madirisha wazi na neti ikae mahali pake.

Mama Pendo, ndiyo maana nilisema chumvi tutaizungumza. Mwenye presha ashike ushauri wa daktari wake na asifuate huu wa mwalimu. Huyu ana 110 kwa 70 na anatoa jasho la chumvi kila siku, tukimnyima kabisa ataanguka.

Mama Pendo

Nimekuelewa baba. Kumbe mambo tofauti. Ila apime na presha tena, haigharimu.

Kocha_Makole

Apime mama, hakuna ubaya.

Mwana_Iramba

Sasa kama ni maji tu kwa nini asikimbie? Anywe maji leo, kesho arudi uwanjani.

Kocha_Makole

Jana ulitaka wiki mbili, leo unataka kesho. Sijasema ni maji tu. Majibu ya malaria hatuna. Mtu mwenye homa inayokuja au kirusi mwilini akikimbia kasi anaweza kuumiza moyo wenyewe, na hilo halirekebishwi na uji. Siku nne bila kasi hazimpunguzii mkimbiaji chochote mwezi mmoja kabla ya mashindano.

Mwalimu_Mbio

Majibu ya leo Jumanne: malaria hakuna. Presha 108 kwa 68, Mama Pendo nimekutii. Wingi wa damu 11.8.

Tabibu_Nzuguni

Malaria hakuna kwa leo. Ukipata homa au baridi siku zozote za wiki hizi mbili, rudia kipimo, usiseme "nilishapima".

Hiyo 11.8 iko chini kidogo ya 12 ambayo ndiyo mpaka kwa mwanamke asiye mjamzito. Si upungufu wa kutisha, na tone la kidole lina makosa yake, ila kwa mkimbiaji silidharau. Ukitaka kujua zaidi, omba kipimo cha ferritini, kinaonyesha akiba ya madini ya chuma. Zahanati nyingi hazina, utakipata maabara ya hospitali kubwa.

Kocha_Makole

Tabibu, si tumpe vidonge vya madini ya chuma moja kwa moja? Kila binti niliyemfundisha miaka hii ameishia hukohuko.

Tabibu_Nzuguni

Hapana kocha, kwanza tujue akiba yake. Vidonge vinasumbua tumbo, na kama akiba ipo vitakuwa kazi bure. Ninachoweza kumwambia leo ni kwamba ile chai asinywe pamoja na chakula wala mara tu baada ya kula, iachane na chakula angalau saa moja, maana inazuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasiingie. Maini au nyama akipata, vizuri. Akila mchicha na maharage aweke limau au achukue chungwa.

Na sidhani kama wingi wa damu ndio uliopandisha mapigo Jumatano. Damu haipungui hivyo ghafla. Kama ipo, ilikuwepo tangu kabla, na mwili ulikuwa unaivumilia mpaka joto na maji vilipoongezeka juu yake.

Kocha_Makole

Hapo tuko pamoja.

Saa_ya_Mtumba

Nimejaribu hicho kipimo cha kusimama. Kulala 61, kusimama 79. Nina shida?

Kocha_Makole

Pengo 18, huna shida yoyote ninayoiona. Rudia siku tano upate kawaida yako, maana namba ya siku moja haisemi kitu.

Mwalimu_Mbio

Ijumaa usiku, naleta mrejesho.

Jumatano asubuhi nimelala 57, nimesimama 80, uzito 53.5. Alhamisi 55 na 75, uzito 53.9. Leo 55 na 74. Giza machoni halikurudi. Usingizi bado si ule wangu, lakini jana nililala saa tano kasoro nikaamka mara moja tu. Hedhi imeanza leo mchana.

Jana jioni nilifanya jogi uliyonipa, ule mzunguko wetu wa kilomita 5 kwa dakika sita na nusu kila kilomita. Niliposimama nikahesabu papo hapo sekunde 15 nikazidisha kwa nne: 148. Kwenye daftari langu mwezi wa tisa, mzunguko uleule, mwendo uleule, ilikuwa 140.

Mwana_Iramba

Haya, maji yameshinda. Kocha chukua ushindi wako.

Kocha_Makole

Sichukui bado. Pengo limerudi karibu na la mwezi wa nane, uzito umerudi, na vyote vilitokea kabla hedhi haijaanza, kwa hiyo naamini maji yalikuwa sehemu kubwa. Lakini katika siku hizohizo aliacha kasi ya jioni, akaacha chai ya usiku, akala mapema. Nimebadilisha mambo mengi kwa pamoja, siwezi kusema lipi lilifanya nini. Kwa mtu mwenye mashindano mwezi ujao sikuwa na muda wa kujaribu moja moja.

Tabibu_Nzuguni

Mimi naongeza shaka yangu kwenye uzito. Wanawake wengi hushika maji siku za mwisho kabla ya hedhi, kwa hiyo ile 53.9 ya Alhamisi huenda si maji yako yote kocha. Akipima Jumatatu au Jumanne, hedhi ikiwa imepungua, ndipo tutaona uzito wa kweli. Na mapigo ya kulala nayo yatashuka yenyewe kwa sababu ya mzunguko, msije mkafurahi mkasema kapona.

Kocha_Makole

Ndiyo maana nashikilia pengo la kusimama na ule mzunguko wa kilomita 5 kuliko namba ya kitandani. 148 kwa mwendo unaojulikana kuwa 140 inaniambia bado hajarudi, hata kama asubuhi imependeza. Labda ni joto la jioni hiyo, mwezi wa tisa hapakuwa na joto hili. Labda ni ile 11.8.

Mwalimu, wiki ijayo iwe hivi. Jumapili kilomita 12 badala ya 18, uanze saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua, ubebe maji. Jumanne jogi. Usimamizi unaisha lini?

Mwalimu_Mbio

Kituo chetu kinamaliza Jumatano. Alhamisi naweza kuanza kukimbia asubuhi.

Kocha_Makole

Basi kasi ya kwanza ni Ijumaa asubuhi, mita 800 mara tatu, si sita, na dakika tatu za kutembea katikati. Alhamisi asubuhi rudia ule mzunguko wa kilomita 5 kwanza. Ukiwa 142 au chini ya hapo, Ijumaa unafanya. Ukiwa juu ya 145, hufanyi, unanipigia. Katikati ya hapo tutaangalia ulivyolala. Kuhusu mashindano siamui leo.

Mwalimu_Mbio

Sawa kocha. Na ferritini nimeulizia, wanasema sampuli inachukuliwa Jumatatu. Nikipima wakati wa hedhi majibu hayaharibiki?

Tabibu_Nzuguni

Yanaweza kutofautiana kidogo, lakini kwa lengo letu hayaharibiki. Kitakachoyaharibu ni kupima ukiwa na homa au maambukizi, namba inapanda kwa uongo. Kama Jumatatu uko mzima, nenda, na uende asubuhi.

Saa_ya_Mtumba

Kocha, siku tano zimepita kasoro. Leo saa inasema 59 kulala, vidole vinasema 64. Nifuate kipi?

Kocha_Makole

Fuata kimoja, na usibadilishe.